Kaltumu Alivyoiombea Nyumba Yake Wanunuzi

Siku nyumba ya Kaltumu ilipokosa mnunuzi, majirani zake wa mji wa Koboko walisherehekea kama waliofunga goli. Chai ya tangawizi ilimiminwa, kisra, ule mkate mwembamba wa Kisudani, ikaletwa, na mzee Swadiki akasimama mlangoni akipokea pongezi kana kwamba yeye ndiye aliyeitia nchi adabu. Kaltumu mwenyewe alikuwa jikoni akicheka na kufuta machozi kwa ncha ya kanga. Alikuwa na haki ya kufurahi, maana hata mwandishi wa habari hizi angefurahi, na wewe pia, kama usingejua kilichokuwa kinakuja.

Tuseme kwanza yeye ni nani, kisha turudi kwenye chai. Kaltumu ni mjane wa Yasiri, na mwenyewe ni wa uzao wa askari. Mjini humo watu wa asili hiyo ni wengi, Waislamu ambao babu zao walitoka Sudan na bunduki begani wakaishia kulima, kuuza duka na kuzaa. Yeye alikuwa na hoteli ndogo ya kuuza maharage, kisra na chai pembeni mwa barabara iendayo Oraba, mpakani. Hana sauti kubwa, hana mwili mkubwa, ila ana jambo moja ambalo watu wengi hawana. Akishajua ukweli wa kitu, hawezi kujifanya hajaujua. Hilo limemponza mara nyingi na ndilo ninalolipenda kwake kuliko yote.

Nyumba ilikuwa ya matofali ya kuchoma, vyumba vitatu na kibanda cha biashara mbele, na hati yake iliandikwa jina lake Kaltumu. Aliiweka rehani benki ili anunue unga na sukari ya kuvusha ng'ambo. Mara mbili biashara ilikwenda vizuri. Mara ya tatu malori yalizuiwa mpakani, mvua ikanyesha juu ya unga, na ule uliofika ulikuwa uji. Benki haikuwa na ugomvi naye. Ilimpa notisi ya deni lililochelewa, ikangoja muda wa sheria upite, ikampa notisi ya kuuza, ikatangaza nyumba gazetini, na dalali akaja kubandika tangazo ukutani. Kaltumu alisoma tangazo hilo mara moja tu. Tangu siku hiyo alikuwa akipita mlango wa nyuma.

Swadiki, kaka wa marehemu mumewe, ndiye aliyebuni dawa. Aliwaita majirani, Waislamu na Wakristo, akawaambia: "Hii nyumba iko ya mjane. Sisi hapa, hakuna mutu ya kununua. Mwenye atasema bei, huyo hapana jirani yetu tena." Kisha ikasomwa Fatiha kufunga ahadi. Wakristo walisema amina kwa sauti kubwa kuliko Waislamu wenyewe. Watu walitoka pale wakijiona wema sana, na kweli walikuwa wema.

Siku ya mnada dalali alifika kutoka Arua. Alikuwa mwanamke mrefu aitwaye Drateru, amebeba rungu dogo la mbao la kugongea na kitambaa cha kufutia jasho. Ua ulijaa watu, na wote walikuja kutazama tu. Wale waliotaka kushindana walipaswa kwanza kuweka dhamana kwa dalali, pesa ya kurudishwa kama ungeshindwa. Aliyeiweka alikuwa mmoja, Amandu, mfanyabiashara wa Arua ambaye hakujua lolote kuhusu Fatiha. Akasema milioni arobaini. Drateru aliuliza mara tatu kama kuna mwingine. Watu walitazama juu, walitazama viatu vyao, kuna mmoja alianza kupiga chafya. Ndipo Drateru akasema kwamba bei haijafika kile kiwango cha chini ambacho benki imeweka, ambacho yeye anakijua na hatakitaja, na kwamba nyumba imeondolewa mnadani. Amandu akarudishiwa dhamana yake, akaingia garini bila kinyongo. Hapo ndipo chai ilipomiminwa.

"Umeona?" Swadiki alimwambia shemeji yake. "Benki imeshindwa na watu!"

Kaltumu alimwamini kwa siku chache. Kisha akaanza kujiuliza kwa nini Amandu hakukasirika.

Mtu aliyenyimwa kitu anachokitaka hukunja uso. Yule alikuwa ametabasamu. Swali hilo lilimkaa rohoni, akamwachia hoteli mwenzake wa kazi, akapanda basi kwenda Arua kumtafuta Drateru. Aliogopa kumwendea mtu aliyekuja kuuza nyumba yake, na alipofika mlangoni pa ofisi alizunguka jengo lote mara moja kabla ya kubisha.

Drateru alishangaa kumwona, akampa kiti na maji.

"Mama, umekuja kunitukana?"

"Hapana, mwanangu. Nimekuja kuuliza. Ile siku, sisi tulishinda?"

Drateru alingoja amalize kunywa. Alikuwa na tabia nzuri ya kutompa mtu habari mbaya akiwa bado anameza maji.

"Mama, hamukushinda. Mulichelewesha tu. Ile deni hapana lala. Kila mwezi inaongezeka riba. Gharama ya tangazo na ya mnada, nayo inaingia juu ya deni. Sasa benki itaita mthamini tena, kwa sababu ile hesabu ya thamani ikizeeka hairuhusiwi kutumika, halafu tutatangaza tena."

"Na kiwango cha chini?"

"Kinatoka katika ile thamani. Nyumba ambayo ilitangazwa ikakosa watu, mthamini naye anajiuliza ina ubaya gani. Benki lazima itafute bei nzuri, sheria inasema, na bei ikiwa chini sana unaweza kuishtaki. Lakini bei nzuri ni ile ambayo watu wanaleta. Kama watu hawaji, itatoka wapi?"

Kaltumu alikisogeza kikombe pembeni. Aliona ile chai ya sherehe ikigeuka uchungu kinywani.

"Amandu anangoja," alisema.

"Amandu ni mfanyabiashara. Anangoja nyumba ishuke."

"Na nikienda kortini?"

"Unaweza. Lakini ili mnada usimamishwe, utatakiwa kuweka thelathini kwa mia ya deni kwanza. Unayo?"

Hakuwa nayo. Kama angekuwa nayo, asingekuwa pale.

Akauliza swali ambalo Drateru baadaye alisema hajawahi kuulizwa na mwenye nyumba yeyote. Aliuliza: "Mnunuzi akishinda, anapewa nini?"

Drateru akamweleza bila kumficha. Mshindi analipa sehemu ya bei papo hapo rungu likishagonga, kwa masharti ya tangazo, na salio ndani ya muda uliowekwa. Akichelewa anapoteza alichotoa na nyumba inanadiwa tena. Akimaliza kulipa, benki inamsainia karatasi za kuhamisha umiliki na kumkabidhi hati, na ile rehani inaondolewa. Anapata ardhi na kila kilichojengwa juu yake. Vitanda na masufuria ya mwenye nyumba si vyake.

"Na funguo?"

"Hiyo ndiyo shida yao wote," Drateru alisema. "Sisi tunauza nyumba pamoja na watu waliomo ndani. Mwenye nyumba akigoma kutoka, mnunuzi anaanza kesi nyingine. Na jirani wakimchukia, atalala na rungu. Kwa hiyo anapotaja bei, anakata mapema pesa ya mawakili na pesa ya usingizi. Ile arobaini ya Amandu, nusu ya bei ilikuwa imeliwa na hofu."

Kaltumu alirudi Koboko akiwa ametulia kwa namna iliyowatisha abiria waliokaa naye. Alikuwa ameshapiga mahesabu. Nyumba ingekwenda, hilo halikuwa tena swali. Swali lilikuwa kama ingekwenda kwa bei ya kulipa deni lote na kumwachia chochote mkononi, maana kinachobaki baada ya gharama na deni ni cha mwenye nyumba. Au kama ingekwenda kwa bei ya hofu, yeye akabaki bila nyumba na bado anadaiwa. Jambo gumu kuliko yote ni kwamba waliomzuia kupata bei nzuri walikuwa watu waliompenda.

Alikwenda kwanza kwa Swadiki. Mzee alikuwa amekaa uani anachonga mpini wa jembe.

"Shemeji, nataka ile Fatiha ifunguliwe."

Kisu kilisimama. "Wewe unasema nini?"

Alimweleza yote. Swadiki alikataa kwa sauti, kisha akakataa kwa kunyamaza, ambako ni kukataa kubaya zaidi. Aliona aibu, na naelewa aibu yake, kwani hakuna anayependa kuambiwa kwamba zawadi yake inamuua aliyepewa. Alisema ahadi mbele ya Mungu haichezewi. Alisema kaka yake Yasiri akifufuka atamwuliza. Mwisho alisema kwamba ameitetea nyumba ya kaka yake na leo mke wa kaka yake anaitoa.

"Shemeji," Kaltumu akasema, "ile dua mulisoma kwa ajili ya nani?"

"Kwako."

"Basi ni mimi nakuomba. Mimi niliitikia amina pamoja nanyi, na mimi sikujua. Sasa najua. Nani anaumia, Mungu au mimi?" Akaanza kulia, kwa hasira hasa. "Mulinipenda vibaya! Mulinipenda bila kuniuliza!"

Swadiki aliweka mpini chini. Halafu akaita mjukuu amletee kofia yake. Jioni hiyo aliwaita wale wale majirani, akawaambia kwa ufupi wa mtu anayeng'oa jino kwamba mwenye haki amesamehe, na ahadi imefunguliwa, na yeyote mwenye pesa na nia aje. Wengine waliguna, lakini hakuna aliyegombana naye. Mimi husema hadi leo kwamba kuna mashujaa wawili katika habari hizi, na huyu mzee ni wa pili.

Baada ya hapo Kaltumu alijitwika kazi ambayo dalali hulipwa kuifanya. Alikwenda nyumba kwa nyumba na duka kwa duka, akiwakaribisha watu waje kununua kwake. Hebu fikiria mtu akibisha hodi akasema, "Karibu mnadani kwangu, ukaguse ukuta." Wengine waliona haya kumtazama. Mwenye duka la dawa alimwambia aende zake, asimtie nuksi. Mke mmoja alimkumbatia, na Kaltumu akamwambia kwamba kukumbatia hakutoshi, anataka mumewe aje na dhamana.

Alikwenda hadi Abuku, kwa Margarita, mwanamke wa kabila la Kakwa aliyekuwa akiuza mihogo na simsim na kutafuta ghala mjini kwa muda mrefu. Walikuwa wanajuana sokoni tangu zamani.

"Mimi sikuja ile siku kwa sababu nilikuwa kwa Fatiha yenu, nikasema amina," Margarita alimwambia. "Nilisema kabisa. Na mimi nilitaka ile nyumba, mama. Nililala nikijichukia."

"Sasa iko wazi. Kuja."

"Nitakaa aje pale, watu wakisema nimekula ya mjane?"

"Ukinunua bei ya chini, umekula. Ukinunua bei ya haki, umenilisha. Kuja."

Margarita alicheka, kisha akapika, kwa maana mgeni wa Abuku haondoki tumbo tupu. Hakuahidi kitu. Alisema tu kwamba atafikiria.

Mthamini alikuja tena. Tangazo likatoka tena gazetini, Drateru akabandika jingine ukutani, na mara hii Kaltumu akamshikia ngazi.

Siku ya mnada wa pili ua ulijaa, na wenye dhamana walikuwa wengi kuliko mikono ya Drateru ya kuzipokea. Margarita alikuja amevaa gauni la kanisani. Amandu alikuwepo pia, mtanashati, akitabasamu kidogo kuliko mara ya kwanza. Swadiki alisimama pembeni, kofia kichwani, mikono nyuma, kama askari wa zamani aliyeamriwa kulinda kitu asichokitaka. Drateru akasoma masharti: kinachouzwa ni ardhi kwa hati hii na majengo yake kama yalivyo, mshindi atalipa thelathini kwa mia leo, na kiwango cha chini kipo.

Hapo Kaltumu akaomba kusema. Drateru alisita. Kwa kweli hakuna sharti lolote linalompa mwenye deni nafasi ya kuhutubia mnada wake, wala hakuna linalomziba mdomo. Akamwambia, "Sema, mama, lakini kwa ufupi."

Kaltumu alisogea mbele. Akashika ukuta wa nyumba yake. Kisha akasema:

"Watu wangu, mimi ndiye mwenye hii nyumba mpaka leo. Huu ukuta wa mashariki uko na ufa, nimeuziba na simenti, mtauona. Hapa nyuma kuna njia ya watu kwenda kwenye kisima, tangu zamani wanapita, mimi sikuwafungia, na mwenye atanunua asiwafungie. Paa ni nzuri. Tangi la maji halimo kwenye hati, lakini naliacha. Na nasema mbele ya huyu dada wa mnada na mbele ya shemeji yangu: siku hati itakapotoka benki, mimi nitatoka. Hakuna kesi. Hakuna mutu atalala na rungu. Funguo nitatoa kwa mkono wangu."

Akauachia ukuta. Mtu mmoja katikati ya umati alianza kulia waziwazi, na hakuna aliyemcheka.

Swadiki akatoka pale pembeni. Hakuna aliyemwomba. "Na mimi," alisema, "ndiyo mkubwa wa hii familia. Mwenye atanunua, akiibiwa kuku, aje kwangu."

Drateru alifuta jasho, akaanza kuita. Amandu akasema hamsini. Mtu wa duka la dawa, yule yule aliyeogopa nuksi, akasema hamsini na tano. Margarita akanyoosha mkono na kusema sitini kwa sauti ya mtu anayeagiza nyama. Amandu akamtazama, akamtazama Kaltumu, akatazama ukuta wenye ufa, na nadhani pale ndipo hofu ilipoanza kutoka kwenye hesabu zake, kwa sababu alipanda haraka: sabini. Margarita sabini na mbili. Mwenye dawa alikwisha kukaa chini. Amandu sabini na tano. Margarita akapumua, akafumba macho, sabini na nane. Kaltumu alikuwa ameshika mkono wa mke wa jirani na kuubana hadi yule mama akasema "ai!"

"Themanini na mbili," akasema Amandu.

Margarita alitikisa kichwa taratibu. Alimtazama Kaltumu kama anayeomba radhi. Drateru aliuliza mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, na rungu likagonga. Kiwango cha chini kilikuwa kimepitwa kwa mbali, na hapo ndipo Drateru alipotabasamu kwa mara ya kwanza. Wengine walioweka dhamana wakarudishiwa, Amandu akalipa fungu lake la kwanza.

Hivyo ndivyo deni la Kaltumu lilivyokufa, pamoja na riba zake na gharama za minada miwili. Kilichobaki, baada ya Amandu kumaliza salio lake, benki ikampa Kaltumu mwenyewe. Kilitosha kununua kiwanja kidogo kwenye njia ya Ludara na kuanzisha hoteli ya bati. Si tajiri. Hadaiwi na mtu, na kwa mwanamke aliyekuwa akipita mlango wa nyuma, hiyo ni neema kubwa.

Siku ya makabidhiano Amandu alifika amejiandaa kwa vita. Alikuwa na hati mkononi, kufuli mpya mbili, fundi wa kuvunja mlango, na vijana wawili wenye misuli walioonekana wazi kwamba wamelipwa ili watu wasimtazame vibaya. Walikuta ua umefagiwa. Mlango ulikuwa wazi. Ndani hakukuwa na kitu isipokuwa mkeka mmoja na birika la kahawa ya tangawizi likitoa moshi, na vikombe vya wote, wa fundi na wa vijana pia. Kaltumu alikuwa amekaa mlangoni, funguo zimepangwa magotini kwa mpangilio wa vyumba.

Fundi aliweka nyundo yake chini polepole. Amandu alikaa, akanywa, hakujua aangalie wapi.

"Mama," alisema mwishoni, "ungeniambia utafanya hivi kweli, ningetoa zaidi."

"Nilikuambia," Kaltumu akajibu. "Nilisimama pale ukutani, mbele ya watu wote, nikakuambia. Wewe uliniamini mpaka themanini na mbili."

Akamwekea funguo mkononi, moja moja, akimtajia kila mlango. Ufunguo wa chumba cha mwisho, alichoolewa ndani yake, aliufuta kwa ncha ya kanga, kisha akautoa kama zile nyingine. Kisha akainuka, akavaa viatu vyake, akatoka kwa mlango wa mbele.